Nefrotiki au Nefritiki: Kuusoma Mkojo Kabla ya Kuchagua Jibu

Katika maswali ya mitihani kuhusu magonjwa ya figo, kuna mtoto mmoja anayejirudia kila mwaka. Ameamka na uso uliovimba, kope zimejaa hadi macho hayafumbuki vizuri, na mama yake anasema mkojo wake umebadilika. Mwanafunzi anayeona neno "uvimbe" huandika haraka kwamba ni sindromu ya nefrotiki, kwa sababu amefundishwa kwamba mgonjwa wa nefrotiki huvimba. Nimesahihisha majibu ya aina hiyo kwa miaka mingi, na mara nyingi kosa halitokani na kutojua. Mwanafunzi anaijua orodha ya dalili za kila sindromu, lakini ameanza kusoma kisa kutoka upande usiotenganisha chochote. Uvimbe upo katika sindromu zote mbili, na protini kwenye mkojo ipo katika zote mbili. Kinachozitenganisha ni jambo moja: je, chujio la figo limevuja protini peke yake, au limepasuka kiasi cha kupitisha hata chembe nyekundu za damu?

Chujio hilo, yaani glomeruli, lina tabaka tatu. Upande unaogusana na damu kuna seli nyembamba za ukuta wa kapilari zenye matundu. Katikati kuna utando wa msingi. Na upande wa nje, unaoelekea mkojo, kuna podosaiti, seli zenye vijiguu vinavyoingiliana kama vidole vya mikono miwili iliyoshikana. Nafasi finyu kati ya vijiguu hivyo ndiyo inayozuia albumini isipite. Podosaiti zikijeruhiwa, vijiguu husawazika na kulala bapa, albumini ikapita kwa wingi, ilhali ukuta wenyewe haujapasuka. Kwa hiyo chembe nyekundu hubaki ndani ya damu, uchujaji huendelea, na kreatinini mara nyingi hubaki ya kawaida. Hiyo ndiyo nefrotiki.

Katika nefritiki, shambulio huanzia upande wa damu. Kingamwili zilizoshikana na antijeni hutua kwenye ukuta wa kapilari, komplementi, yaani protini za kinga zilizomo kwenye damu, huamshwa, na seli nyeupe hukusanyika. Kapilari huziba kwa uvimbe wa seli na wakati huohuo hupata nyufa. Kuziba hupunguza uchujaji, ndiyo maana mkojo hupungua, kreatinini hupanda, na chumvi na maji hubaki mwilini hadi shinikizo la damu likapanda. Nyufa nazo hupitisha chembe nyekundu pamoja na protini kiasi. Mwanafunzi akiielewa picha hii moja, sehemu kubwa ya jedwali analojaribu kulikariri hujiandika yenyewe.

Sasa tumchukue mtoto wetu. Ana miaka 7, uso umevimba kwa siku 3, na mkojo wake umekuwa mchache na wenye rangi ya chai nyeusi iliyokolea. Wiki 2 zilizopita aliumwa koo na homa, akapona bila kupelekwa kwa daktari. Shinikizo la damu ni 138/92. Kijiti cha kupimia mkojo kinaonyesha damu 3+ na protini 2+. Kreatinini ya damu ni 1.4 mg/dL, albumini ya damu ni 3.3 g/dL, na kati ya protini za komplementi, C3 iko chini na C4 ni ya kawaida. Kwenye hadubini kuna chembe nyekundu nyingi zenye maumbo yaliyoharibika, na kasti za chembe nyekundu.

Mtego wa kwanza ni ile protini 2+. Kijiti hupima ukolezi wa albumini, hakipimi jumla ya protini inayopotea kwa siku. Mkojo mchache uliokolea unaweza kuonyesha 2+ au hata 3+ ingawa protini inayopotea kwa siku ni ya wastani tu. Ndiyo maana mtunga swali makini huongeza uwiano wa protini na kreatinini katika mkojo. Kwa mtoto huyu uwiano ni 0.9 mg/mg. Kwa watoto, kiwango cha nefrotiki huanzia 2 mg/mg; kwa mtu mzima, kipimo kinachozoeleka ni gramu 3.5 au zaidi kwa saa 24, ambacho kwa uwiano hukaribia 3.5 mg/mg. Mtoto wetu hajafika huko, na albumini yake imeshuka kidogo tu.

Mtego wa pili ni kreatinini. Kwa mtu mzima mwenye misuli mingi, 1.4 inaweza isimshtue mtu, lakini mtoto wa miaka 7 kwa kawaida huwa chini ya 0.7. Figo za mtoto huyu zimepoteza zaidi ya nusu ya uwezo wake wa kuchuja, na swali linalotoa namba hiyo bila kutaja kiwango cha kawaida linapima kama msomaji anakumbuka kwamba mgonjwa ni mtoto.

Lakini kitu kinachofunga mjadala ni zile kasti, na inafaa tuzitazame kwa karibu. Kasti ni kibumba chenye umbo la mrija mdogo. Hutengenezwa ndani ya mirija ya figo pale protini iitwayo uromodulini, inayotolewa na seli za mirija yenyewe, inapoganda na kunasa chochote kilichopo humo. Ikinasa chembe nyekundu, maana yake chembe hizo zilikuwa tayari ndani ya mrija, juu kabisa ya kibofu. Damu inayotokana na jiwe, uvimbe wa kibofu au maambukizi ya njia ya mkojo haiwezi kutengeneza kasti, kwa kuwa imeingia kwenye mkojo baada ya mirija. Chembe zenye umbo lililoharibika, hasa zile zenye vinundu vinavyochomoza pembeni, zinatoa ushahidi uleule: zimebanwa kupita kwenye ufa wa chujio, kisha zikapitia maji yenye chumvi inayobadilika-badilika ndani ya mirija.

Ushahidi huu hupotea kwa urahisi. Mkojo ukiachwa mezani saa nyingi, kasti huvunjika na chembe nyekundu huyeyuka, hasa mkojo ukiwa mwepesi au wenye alkali. Sampuli inafaa kuzungushwa kwenye sentrifuji na mashapo yake kusomwa ikiwa bado mbichi, ndani ya saa 1 au 2. Kuzungusha huko kunajibu swali jingine pia. Kijiti hugeuka rangi mbele ya himoglobini yoyote, hata ikiwa hakuna chembe nzima, na hugeuka vilevile mbele ya mayoglobini inayotoka kwenye misuli iliyoharibika. Mashapo yakiwa mekundu na maji ya juu yakiwa safi, ni chembe nyekundu. Maji ya juu yakibaki mekundu na hadubini isionyeshe chembe, tumetoka kabisa kwenye mada ya glomeruli, na jibu la "nefritiki" litakuwa kosa hata kama kijiti kilisema damu 3+.

Tukishakubali kwamba ni nefritiki, swali linalofuata huwa la chanzo, na hapa vitu viwili hufanya kazi kubwa kuliko vingine vyote: muda na komplementi. Mtoto aliumwa koo wiki 2 zilizopita. Uvimbe wa figo unaofuata maambukizi ya streptokoki huja wiki 1 hadi 3 baada ya koo, au wiki 3 hadi 6 baada ya vidonda vya ngozi, kwa sababu mwili unahitaji muda wa kutengeneza kingamwili zitakazotua kwenye chujio. Mgonjwa wa nefropathi ya IgA hana pengo hilo. Mkojo wake hubadilika siku 1 au 2 baada ya mafua au koo kuanza, wakati bado anaumwa, na mara nyingi imeshamtokea hivyo huko nyuma. Swali linaweza kuwa na sentensi kumi zinazofanana kwa wagonjwa hawa wawili, tofauti ikawa ni "wiki mbili zilizopita" dhidi ya "tangu juzi".

C3 inathibitisha. Ugonjwa wa baada ya streptokoki hutumia komplementi, na kwa kawaida C3 hushuka huku C4 ikibaki sawa au ikishuka kidogo. Katika nefropathi ya IgA zote mbili huwa za kawaida. C3 na C4 zikishuka pamoja, fikiria lupasi, krayoglobulini, au maambukizi ya vali za moyo. Ugonjwa wa kingamwili dhidi ya utando wa msingi, na ule wa mishipa midogo unaoambatana na ANCA, huacha komplementi ilivyo.

Kuhusu kuthibitisha kwamba kweli alipata streptokoki, wengi hukariri kipimo cha ASO pekee. Kinafaa kwa mtoto aliyeumwa koo, lakini baada ya maambukizi ya ngozi mara nyingi hakipandi vizuri, na hapo kingamwili dhidi ya DNase B ndizo zinazosaidia. Swali likimtaja mtoto mwenye makovu ya vidonda miguuni na ASO ya kawaida, lisikutoe kwenye njia.

Matatizo yanayomkabili mtoto huyu yanatokana moja kwa moja na maji na chumvi vilivyobaki mwilini. Kilichovimbisha uso wake ni wingi wa maji ndani ya mishipa, si upungufu wa albumini. Kwa hiyo hatari zake ni shinikizo la damu linaloweza kufika kwenye ubongo na kuleta kichwa kuuma, kutapika, kuona vibaya na degedege. Mapafu kujaa maji. Na potasiamu kupanda mkojo unapokauka. Matibabu hufuata njia hiyohiyo: kupunguza chumvi na maji, furosemidi, na dawa za kushusha shinikizo. Antibayotiki hupewa kama bado kuna dalili za maambukizi au streptokoki bado inaota kooni, na haibadilishi mwendo wa ugonjwa ulioshaanza kwenye figo. Prednisoloni haina nafasi katika kisa cha kawaida, na ni jibu la kosa ambalo watunga maswali hupenda kuliweka kati ya machaguo.

Wengi wa watoto hawa hupona. Mkojo huongezeka ndani ya wiki ya kwanza au ya pili, shinikizo hushuka, na C3 hurudi kawaida ndani ya wiki 6 hadi 8. Damu isiyoonekana kwa macho inaweza kubaki kwenye mkojo kwa miezi mingi bila kuwa tatizo. C3 ndiyo ya kufuatilia: ikiwa bado iko chini baada ya wiki 8, utambuzi wa mwanzo unatiliwa shaka, na biopsi inahitajika kutafuta magonjwa ya glomeruli yanayosababishwa na komplementi yenyewe, au lupasi. Vilevile, kreatinini ikiongezeka maradufu ndani ya siku chache badala ya kutulia, hatusubiri wiki yoyote. Hiyo ni nefritiki inayokwenda mbio, ambayo kwenye biopsi huonyesha umbo la hilali ndani ya glomeruli, na kila siku inayopita bila matibabu ni glomeruli zinazogeuka kovu.

Mtoto wa pili

Mweke pembeni mtoto mwingine, wa miaka 4. Naye amevimba uso asubuhi, na jioni uvimbe umeshuka miguuni. Tumbo limejaa maji. Mkojo wake una povu lisiloisha hata ukiachwa utulie, lakini rangi yake ni ya kawaida. Shinikizo la damu ni 94/58. Kreatinini ya damu ni 0.3 mg/dL. Kijiti kinaonyesha protini 4+ na hakuna damu. Albumini ya damu ni 1.6 g/dL na kolesteroli ni 410 mg/dL. Mkojo una protini 420 mg/dL na kreatinini 60 mg/dL. Gawanya ya kwanza kwa ya pili upate 7 mg/mg, zaidi ya mara tatu ya kiwango cha nefrotiki kwa mtoto.

Kwenye hadubini hakuna kasti za chembe nyekundu. Badala yake kuna vitone vya mafuta, seli za mirija zilizonona kwa mafuta, na kasti za mafuta. Vitone hivyo vikitazamwa chini ya mwanga uliochujwa kwa upande mmoja, kila kimoja hung'aa kama msalaba mdogo wenye mikono minne, na picha hiyo hupenda kutokea kwenye mitihani bila maelezo yoyote. Mafuta hayo yanatokana na ini, ambalo linajaribu kufidia albumini inayopotea na kwa kufanya hivyo linaongeza pia utengenezaji wa lipoprotini.

Kwa umri huu, shinikizo la kawaida, mkojo usio na damu na C3 ya kawaida, jibu ni ugonjwa wa mabadiliko madogo, ambao jina lake limetokana na kwamba hadubini ya kawaida haionyeshi kitu. Vijiguu vilivyolala bapa vinaonekana kwa hadubini ya elektroni tu. Biopsi haihitajiki mwanzoni. Mtoto hupewa prednisoloni, 60 mg kwa kila mita mraba ya mwili kwa siku bila kuzidi 60 mg, kwa wiki 4 hadi 6, kisha kipimo hupunguzwa na kutolewa siku moja na kurukwa siku moja. Wengi huacha kupoteza protini ndani ya wiki 4. Asiyeitikia ndiye anayefanyiwa biopsi, na hapo kovu la sehemu ya glomeruli, ambalo kitaalamu huandikwa FSGS, ndilo linaloogopwa zaidi.

Angalia tofauti ya hatari zinazomkabili. Mtoto huyu hatishiwi na degedege la shinikizo. Anatishiwa na kile anachokikojoa. Pamoja na albumini zinatoka kingamwili za IgG na baadhi ya protini za komplementi zinazosaidia kuua bakteria wenye kifuko, hasa numokoki. Akirudi siku kumi baadaye na homa, tumbo linalouma na gumu kuguswa, chukua maji ya tumbo upime na uanze antibayotiki, kwa maana maji yaliyojaa tumboni yameambukizwa. Inatoka pia antitrombini, protini inayozuia damu isigande ovyo, huku ini likiongeza fibrinojeni. Damu yake ina mwelekeo wa kuganda, na akipewa furosemidi nyingi bila uangalifu, ujazo wa damu unapungua na mwelekeo huo unazidi. Hiyo ndiyo sababu wodini hatukimbilii kumkausha maji mtoto wa nefrotiki kama tunavyofanya kwa yule wa nefritiki.

Damu katika mkojo wa mgonjwa wa nefrotiki

Swali ninaloliona kuwa gumu kuliko yote ni hili la mtu mzima, na kila mwaka huwaangusha hata wanafunzi walioandika vizuri kuhusu watoto wote wawili. Mwanamume wa miaka 52 ana nefropathi ya utando, chanzo kikubwa cha nefrotiki kwa watu wazima wasio na kisukari, iliyothibitishwa kwa kingamwili dhidi ya PLA2R. Anapoteza gramu 9 za protini kwa siku na albumini yake ni 1.9 g/dL. Leo ameanza ghafla kuumwa ubavu wa kushoto na mkojo wake ni mwekundu. Shinikizo la damu ni 124/78. LDH imepanda. Machaguo yanajumuisha "amebadilika kuwa nefritiki", na ndilo wengi wanalolichagua, kwa sababu sasa kuna damu.

Rudi kwenye hadubini. Chembe nyekundu zipo, lakini hakuna kasti zake, na C3 ni ya kawaida. Shinikizo halijapanda, na maumivu ya ghafla ya upande mmoja si tabia ya ugonjwa unaoshika glomeruli za figo zote mbili kwa pamoja. Huyu ana damu iliyoganda kwenye vena inayoondoa damu kutoka figo ya kushoto. Figo imejaa damu isiyo na pa kutokea, imevimba, na sehemu yake inakufa. Ndiyo maana LDH imepanda. Hatari hii ni kubwa zaidi katika nefropathi ya utando kuliko katika sababu nyingine za nefrotiki, na huongezeka kadiri albumini inavyoshuka. Kipimo ni ultrasaundi ya Dopla au CT ya mishipa, na matibabu ni dawa za kuzuia damu kuganda. Swali la nyongeza, kwa wanaotaka kumpima mwanafunzi hadi mwisho, ni kwa nini heparini wakati mwingine huonekana kutofanya kazi vizuri kwa mgonjwa huyu: heparini hufanya kazi kwa kuipa nguvu antitrombini, na antitrombini yake imekuwa ikitoka na mkojo.

Ipo pia hali ambayo sindromu zote mbili zinakaa kwa mgonjwa mmoja kweli, na mwanafunzi hapaswi kulazimishwa kuchagua upande. Mwanamke kijana mwenye upele wa uso, viungo vinavyouma, protini gramu 5 kwa siku, kasti za chembe nyekundu, shinikizo lililopanda na C3 na C4 zilizoshuka, ana lupasi iliyoshambulia glomeruli kwa kueneza uvimbe upande wa damu na kujeruhi podosaiti kwa wakati mmoja. Mkojo wake unasema yote mawili, na jibu sahihi ni kuyaandika yote mawili, kisha kuomba biopsi, kwa sababu matibabu yake yanategemea daraja la lupasi ya figo atakaloliona mtaalamu wa patholojia kwenye kipande cha figo.